Riba ndogo, ada kubwa: jinsi ya kujua mkopo upi utakugharimu zaidi

Mdogo wangu alikuja na karatasi mbili mkononi. Alitaka kununua mashine ya kudarizi ya 1,000,000, na wakopeshaji wawili walikuwa wamemkubalia. Mmoja alimpa riba ya asilimia 16 kwa mwaka, mwingine asilimia 20. Muda ni ule ule, miezi 24. "Kaka, hii ya 16 si ndiyo nafuu?" akauliza, na kalamu alikuwa ameshaishika tayari kusaini.

Nikamwomba ageuze karatasi. Nyuma ya ile ya 16 palikuwa na orodha ya makato: ada ya kuchakata mkopo asilimia 3, bima ya mkopo asilimia 2, na gharama za nyaraka 8,000. Ile ya 20 ilikuwa na mstari mmoja tu, ada ya fomu 5,000. Tukakaa chini tukapiga hesabu, na hesabu hiyo ndiyo nitakayoifuata hapa hatua kwa hatua. Nimeacha jina la fedha makusudi. Weka ya kwenu, hesabu haibadiliki.

Kwanza, hakikisha riba zote mbili ni za aina moja

Kabla ya kulinganisha 16 na 20, lazima ujue kila mkopeshaji anaitoza riba yake juu ya nini. Kuna riba inayohesabiwa juu ya salio, yaani deni lililobaki, kwa hiyo hupungua kila unapolipa. Kuna na riba isiyopungua, ambayo wengi huiita riba ya flati: inahesabiwa juu ya mkopo wote wa mwanzo hadi mwezi wa mwisho, hata kama umeshalipa sehemu kubwa ya deni.

Tofauti yake si ndogo. Mkopo wa 1,000,000 kwa miezi 24 kwa asilimia 16 inayopungua una rejesho la 48,963 kwa mwezi. Asilimia 16 hiyo hiyo ikiwa ya flati, riba ni 160,000 kila mwaka, jumla 320,000 kwa miaka miwili, na rejesho linapanda hadi 55,000. Hata flati ya asilimia 10, ambayo kwenye tangazo inaonekana kama zawadi, ina rejesho la 50,000, na hiyo ni sawa na riba inayopungua ya zaidi kidogo ya asilimia 18.

Usimuulize afisa mikopo "riba yenu ni ya aina gani" ukaishia hapo, maana hata yeye wakati mwingine hana hakika. Omba ratiba ya marejesho, ile karatasi inayoonyesha kila mwezi unalipa kiasi gani, riba ngapi, na deni limebaki ngapi. Halafu tazama mistari miwili ya kwanza. Kwenye mkopo wa 16 wa mdogo wangu, mwezi wa kwanza riba ilikuwa 13,333 na sehemu iliyopunguza deni ilikuwa 35,630. Deni likabaki 964,370. Mwezi wa pili riba ikashuka hadi 12,858. Imeshuka, basi ni riba inayopungua. Ungeona 13,333 tena mwezi wa pili, na wa tatu, hiyo ni flati bila kuuliza mtu.

Mikopo yake yote miwili ilikuwa ya kupungua, kwa hiyo tukasonga mbele.

Pili, zidisha rejesho kwa idadi ya miezi

Hapa hakuna ufundi. Chukua rejesho la mwezi kutoka kwenye ratiba, zidisha kwa miezi.

Mkopo wa 16: 48,963 mara 24 ni 1,175,112.

Mkopo wa 20: 50,896 mara 24 ni 1,221,504.

Kama hujapewa ratiba bado na unataka kujua rejesho mwenyewe, programu yoyote ya majedwali kwenye simu au kompyuta inaweza kukuhesabia. Andika hivi kwenye kisanduku kimoja:

```
=PMT(16%/12, 24, -1000000)
```

Ya kwanza ni riba ya mwaka iliyogawanywa kwa miezi 12, ya pili ni idadi ya miezi, ya tatu ni kiasi cha mkopo. Alama ya kutoa mbele ya mkopo ni ili jibu lisije likiwa hasi. Jibu likitofautiana na la mkopeshaji kwa sarafu chache, ni kukadiria tu. Likitofautiana kwa maelfu, kuna kitu kimeingizwa kwenye rejesho ambacho hujaambiwa, mara nyingi bima au ada ya kila mwezi. Rudi ukaulize.

Mpaka hapa mkopo wa 16 unaongoza kwa 46,392. Iweke namba hiyo akilini, kwa sababu ndiyo faida yote ambayo riba ndogo inakupa katika miezi 24. Si asilimia nne ya milioni mara miaka miwili, yaani 80,000, kama watu wengi wanavyokadiria kichwani. Ni pungufu sana ya hapo, kwa kuwa deni linashuka kila mwezi na ile asilimia nne inatozwa juu ya salio linaloendelea kuyeyuka. Wanaokimbilia riba ndogo hujikwaa hapa zaidi kuliko mahali pengine: wanaipa tofauti ya riba uzito karibu mara mbili ya ule iliyo nao.

Tatu, orodhesha kila ada kwa fedha, si kwa asilimia

Asilimia 3 ya ada inaonekana kama kitu kidogo pembeni ya asilimia 16 ya riba. Lakini ile 16 inatozwa juu ya salio linaloshuka, na hii 3 inatozwa mara moja juu ya mkopo mzima, siku ya kwanza, kabla hujaigusa hata senti. Ndiyo maana haifai kuziweka pamoja kama asilimia. Zigeuze zote ziwe fedha.

Kwa mkopo wa 16: kuchakata 30,000, bima 20,000, nyaraka 8,000. Jumla 58,000.

Kwa mkopo wa 20: fomu 5,000.

Kuna ada ambazo hazikai ukurasa wa mbele, kwa hiyo zitafute. Bima ni mojawapo: uliza kama asilimia 2 ni ya mara moja au ya kila mwaka, kwa sababu ikiwa ya kila mwaka, mkopo wa miaka miwili unalipiwa mara mbili. Kama kuna ada ya kila mwezi ya kutunza akaunti ambayo umefunguliwa kwa ajili ya mkopo tu, izidishe kwa miezi yote 24. Elfu moja tu kwa mwezi ni 24,000. Kama mali ya dhamana inatakiwa kuthaminiwa au kusajiliwa kwa gharama yako, hiyo nayo iandike, hata kama fedha haiendi kwa mkopeshaji. Imetoka mfukoni mwako kwa sababu ya mkopo huo.

Akiba ya lazima ni kesi ya pembeni. Baadhi ya wakopeshaji hutaka uweke sehemu ya fedha kwao hadi umalize kulipa. Haiingii kwenye ada, maana utarudishiwa, lakini inapunguza fedha unayoweza kuitumia, na hilo linatuleta kwenye hatua ambayo watu wengi huiruka.

Kwanza tujumlishe. Mkopo wa 16: 1,175,112 ongeza 58,000 ni 1,233,112. Mkopo wa 20: 1,221,504 ongeza 5,000 ni 1,226,504.

Kile kilichoonekana nafuu sasa ni ghali zaidi kwa 6,608. Tofauti ya ada ni 53,000, na faida ya riba ilikuwa 46,392 tu. Mdogo wangu akaweka kalamu mezani.

Nne, linganisha fedha inayofika mkononi

Hesabu ya hapo juu ni ya kweli endapo utalipa zile ada kwa fedha yako, pembeni, na mkopo ufike mzima. Mara nyingi haiwi hivyo. Ada hukatwa kwenye mkopo kabla haujatoka. Mimi mwenyewe niliwahi kusaini mkopo nikijua nimekopa kiasi fulani, nikaona ujumbe wa kupokea fedha kwenye simu, nikausoma mara tatu nikidhani kuna tarakimu imepotea. Haikuwa imepotea. Ada zilikuwa zimekatwa zote, na kilichobaki hakikutosha kununua kile nilichokopea. Nikaenda kumwazima shemeji yangu pengo lililobaki, na deni moja likawa mawili.

Mdogo wangu akikopa 1,000,000 kwa masharti ya mkopo wa 16, atapokea 942,000. Kwa mkopo wa 20 atapokea 995,000. Mashine inauzwa 1,000,000. Kwa hiyo swali sahihi kwake ni hili: akope kiasi gani kwa kila mmoja ili milioni kamili ifike mkononi?

Njia ni hii. Chukua fedha unayoihitaji, ongeza ada zisizobadilika, kisha gawanya kwa sehemu inayobaki baada ya ada za asilimia. Kwa mkopo wa 16, ada za asilimia ni 5 kwa jumla, kwa hiyo inabaki 0.95:

```
(1000000 + 8000) / 0.95 = 1061053
```

Kwa mkopo wa 20 hakuna ada ya asilimia, kwa hiyo ni 1,005,000 tu.

Sasa weka viwango hivi vipya kwenye ile fomula ya rejesho. Mkopo wa 16 unatoa 51,952 kwa mwezi. Mkopo wa 20 unatoa 51,150 kwa mwezi. Soma tena: ule wenye riba ndogo una rejesho kubwa zaidi, kwa sababu amelazimika kukopa zaidi ya 61,000 za ziada ili kulipia ada, na hizo nazo zinatozwa riba. Kwa miezi 24 jumla ni 1,246,848 dhidi ya 1,227,600. Pengo limekua kutoka 6,608 hadi 19,248.

Angalizo moja hapa: ada zikikatwa kwenye mkopo, usiziongeze tena mwishoni. Tayari zimo ndani ya ile 1,061,053 unayoirejesha. Nimeona watu makini kabisa wakizihesabu mara mbili, kisha wakaikataa ofa nzuri.

Kuna na njia ya tatu, ambapo mkopeshaji anakupa fedha yako kamili lakini anaziongeza ada juu ya deni. Ukikopa 1,000,000 na 58,000 zikaongezwa, deni linaanzia 1,058,000. Zile 58,000 zenyewe zitazaa riba ya zaidi kidogo ya 10,000 hadi mwisho. Ukiweza kuzilipa pembeni, zilipe.

Tano, badilisha muda uone mshindi anavyobadilika

Usije ukaondoka hapa ukidhani riba kubwa yenye ada ndogo hushinda siku zote. Ada hulipwa mara moja, riba hulipwa kila mwezi. Kadiri muda unavyorefuka, riba ndogo inapata miezi mingi zaidi ya kufidia ile ada. Muda ukiwa mfupi, ada haipati nafasi ya kufidiwa.

Chukua mikopo hii hii, ya 1,000,000, ada zilipwe pembeni ili hesabu iwe nyepesi. Kwa miezi 12, faida ya riba ya 16 dhidi ya 20 ni karibu 22,800 tu. Ada zimezidi kwa 53,000. Mkopo wa 16 unashindwa vibaya. Kwa miezi 36, rejesho la 16 ni 35,157 na la 20 ni 37,164. Ukizidisha na kuongeza ada unapata 1,323,652 dhidi ya 1,342,904, na sasa mkopo wa 16 ndio nafuu, kwa 19,252. Mahali wanapopishana ni kati ya mwezi wa 27 na wa 28.

Ndiyo maana huwa nashauri utafute mwezi huo wa kupishana kwa ofa zako mwenyewe. Huhitaji hesabu ngumu: badilisha tu idadi ya miezi kwenye fomula mpaka tofauti ya jumla za marejesho ikaribie tofauti ya ada. Ukikopa kwa muda mfupi kuliko hapo, fuata ada ndogo. Ukikopa kwa muda mrefu zaidi, fuata riba ndogo. Ukiwa karibu na mpaka, kama mdogo wangu, namna ada inavyolipwa ndiyo itakayoamua.

Ila kuna mtego mmoja: usilinganishe jumla za mikopo yenye muda tofauti. Mkopo wa miezi 12 karibu siku zote utakuwa na jumla ndogo kuliko wa miezi 36, hata kama masharti yake ni mabaya, kwa sababu umekaa na fedha ya watu kwa muda mfupi. Hilo halimaanishi ni nafuu, wala halimaanishi utalimudu rejesho lake. Mwombe kila mkopeshaji akupe hesabu ya kiasi kile kile mkononi na muda ule ule, ndipo ulinganishe.

Sita, jiulize kama kweli utafika mwezi wa mwisho

Watu wengi hukopa wakiwa na nia ya kumaliza mapema. Nia hiyo inaathiri hesabu. Ukimaliza deni mapema, riba ya miezi iliyobaki hutailipa, lakini ada ulizotoa siku ya kwanza hazirudi. Kwa hiyo mpango wa kulipa mapema unaupendelea mkopo wenye ada ndogo.

Tuseme mdogo wangu anachukua 1,000,000, analipa ada pembeni, halafu baada ya rejesho la 12 anafunga deni. Kwa mkopo wa 16 atakuwa amelipa marejesho 587,556, atamalizia salio la 539,652, na ada 58,000: jumla 1,185,208. Kwa mkopo wa 20 ni marejesho 610,752, salio 549,426, ada 5,000: jumla 1,165,178. Tofauti ile ya 6,608 imekuwa 20,030. Na hapo hatujaweka adhabu ya kulipa mapema, ambayo baadhi ya mikataba inayo. Ukitaka kuijua, tafuta kwenye mkataba kifungu kinachozungumzia kufunga mkopo kabla ya muda, uone kama wanatoza asilimia ya salio au riba ya miezi kadhaa. Kwa mikopo ya flati, uliza zaidi ya hapo: je, ukifunga mapema riba ya miezi iliyobaki inafutwa, au unailipa yote?

Pale ambapo jumla ya marejesho haitoshi

Njia hii ina udhaifu wake. Inachukulia fedha inayotoka leo kuwa sawa na fedha itakayotoka miezi 20 ijayo. Ada unailipa leo, wakati ambapo ungeweza kuitumia. Riba unailipa kidogo kidogo. Jumla zikikaribiana sana, pima kwa njia ya pili: tafuta riba halisi ya mwaka baada ya ada. Fomula yake hutumia rejesho na fedha iliyofika mkononi:

```
=RATE(24, 48963, -942000)*12
```

Kwa mkopo wa "asilimia 16" jibu ni karibu asilimia 22.2. Kwa mkopo wa 20, ukiweka 50,896 na 995,000, ni karibu asilimia 20.5. Pale ambapo sheria inawalazimisha wakopeshaji kutangaza gharama halisi ya mwaka pamoja na ada, namba unayopewa inatafuta kitu hiki hiki. Ukiiona kwenye ofa, ilinganishe na yako, na kama yao ni ndogo, kuna ada hawakuihesabu.

Mdogo wangu hakuwa na fedha ya kulipa ada pembeni. Kesho yake alimpigia simu mkopeshaji wa 16, akamsomea namba zake, akaomba ada ya kuchakata ipunguzwe. Wakaishusha kutoka asilimia 3 hadi 2. Akaja tena na daftari. Sasa alihitaji kukopa 1,050,000 ili apate milioni mkononi, rejesho 51,411, jumla 1,233,864. Bado ilizidi ile ya 20 kwa 6,264. "Na kama ningekuwa na hizo ada mfukoni?" akauliza. Tukapiga: ada zingekuwa 48,000, jumla 1,223,112, na mkopo wa 16 ungeshinda kwa 3,392.

Hakuwa nazo. Akasaini ule wa 20.